Zanzibar ilitia saini lakini haikuhesabiwa: nadharia ya uhusiano wa kimataifa imejengwa juu ya historia ya nani?

Mwanafunzi anayeanza somo la uhusiano wa kimataifa, awe Dar es Salaam, Nairobi au London, hupewa miaka miwili ya kukariri. Wa kwanza ni 1648, mwaka wa mikataba ya Westfalia iliyomaliza vita vya miaka thelathini huko Ulaya. Anaambiwa kwamba hapo ndipo mfumo wa madola yaliyo sawa, kila moja likiwa na mamlaka kamili ndani ya mipaka yake, ulipozaliwa, kisha ukaenea duniani kote. Wa pili ni 1919. Baada ya mauaji ya Vita Kuu ya Kwanza, tajiri wa Wales aitwaye David Davies na dada zake walitoa pauni 20,000 ili Chuo cha Aberystwyth kiwe na kiti cha uprofesa cha somo hili jipya, lengo likiwa kutafuta chanzo cha vita na njia ya amani.

Wanazuoni wanaoitwa wa baada ya ukoloni wanaipinga hadithi hii, na watu wengi hudhani wanalalamika tu kwamba Afrika na Asia hazikutajwa vya kutosha. Kama tatizo lingekuwa hilo, sura mbili tatu za nyongeza kitabuni zingetosha. Hoja yao ni nzito kuliko hiyo. Wanasema dhana zenyewe, yaani dola, mamlaka kamili, vita na amani, zilichongwa kwa namna inayoficha jinsi ulimwengu huu ulivyopatikana. Nitaipima hoja hiyo kwa kisa ninachokiona kinafaa kuliko vyote katika pwani yetu, kisa cha Usultani wa Zanzibar kati ya 1833 na 1896. Kwanza lakini, maneno machache juu ya ile miaka miwili.

Mikataba ya 1648, iliyotiwa saini Munster na Osnabruck, ilihusu zaidi mambo ya ndani ya himaya ya Kijerumani ya wakati ule: dini gani iruhusiwe wapi, mtawala gani alipwe fidia gani. Watawala wa Kijerumani walibaki chini ya himaya hiyo hadi ilipovunjwa mwaka 1806. Wanahistoria wameliandika hili kwa kina kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na bado 1648 inaendelea kufundishwa kama siku ya kuzaliwa kwa dola la kisasa.

Ule wa 1919 unahitaji subira kidogo zaidi. Mwaka 1910, Chuo Kikuu cha Clark huko Massachusetts kilianzisha jarida ambalo jina lake lilimaanisha maendeleo ya mbari, yaani ya watu kwa kugawanywa kwa rangi zao. Swali lake kuu lilikuwa namna watu weupe watakavyowatawala na kuwaendeleza wengine. Mwaka 1919 jarida hilo lilibadilisha jina likajiita la uhusiano wa kimataifa, na mwaka 1922 likamezwa na Foreign Affairs, jarida ambalo hadi leo linasomwa na watunga sera wa Washington. Ina maana kwamba kabla ya somo kujitangaza kuwa linatafuta amani, sehemu yake kubwa ya Marekani ilikuwa elimu ya kutawala makoloni. Msomi mweusi W. E. B. Du Bois alikwisha kuandika mwezi Mei 1915 kwamba mzizi wa vita ile ulikuwa Afrika, katika mashindano ya mataifa ya Ulaya juu ya ardhi, mali na nguvu kazi yake. Andiko lake lilihusu hasa chanzo cha vita, lakini waliojenga somo la chanzo cha vita hawakuliweka kwenye msingi wao.

Mwaka huo huo wa 1919, mkutano wa Paris uliikataa hoja ya Wajapani ya kuandika usawa wa mataifa katika katiba ya Shirikisho la Mataifa. Wajumbe 11 kati ya 17 waliunga mkono, lakini Rais Wilson wa Marekani, aliyeongoza kikao, aliamua kwamba jambo zito kama hilo lilihitaji kauli moja ya wote. Katiba iliyopitishwa ilikuwa na kifungu cha 22, kilichowataja watu wasioweza bado kusimama wenyewe katika hali ngumu za ulimwengu wa kisasa. Kwa kifungu hicho Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza, na Ruanda-Urundi ikakabidhiwa Ubelgiji. Kiti cha uprofesa cha Aberystwyth nacho kilipewa jina la Wilson.

Sasa twende Zanzibar, kwa sababu dhana ya mamlaka kamili ndiyo nguzo ya somo hili, na pale tunaweza kuiona ikifanya kazi hatua kwa hatua.

Mwaka 1833 Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Zanzibar kwa pamoja, alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Mkataba kama huo aliufanya na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Konseli wa Kimarekani alifika Unguja mwaka 1837. Kwa mtazamo wa kawaida wa nadharia, hii ni picha ya madola yanayotambuana. Ila ukiisoma mikataba yenyewe unaona mambo mawili. Ushuru ambao Sultani angeweza kuwatoza wafanyabiashara wa kigeni uliwekewa kikomo cha asilimia tano, na kesi za Wamarekani wao kwa wao zikawa za konseli wao kuamua, mtawala wa nchi asiwe na neno. Hakuna mfalme wa Ulaya wa wakati ule aliyekuwa akikubali masharti hayo nyumbani kwake. Utambuzi ulikuja pamoja na kupunguzwa, kwenye karatasi ile ile.

Mwaka 1861 Waingereza walisuluhisha ugomvi wa watoto wa Said kwa kuutenga usultani wa Zanzibar na ule wa Maskati. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zikatangaza pamoja kwamba zitauheshimu uhuru wa masultani wote wawili. Hapo tuna dola lililotambuliwa kwa maandishi na mataifa mawili makubwa ya zama hizo.

Miaka 22 baadaye, Novemba na Desemba 1884, Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba. Huko Msowero, Mangungo aliweka alama yake kwenye karatasi ya Kijerumani asiyoweza kuisoma. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, Zanzibar ikiwa haikualikwa, na kesho yake Kaiser akatoa hati ya kuyaweka maeneo yale chini ya ulinzi wake. Sultani Barghash bin Said alimpelekea Kaiser malalamiko kwa simu ya maandishi, kwamba maeneo yale ni yake. Jibu lilikuja Agosti, manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya kasri lake.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonishangaza kila ninapoirudia. Madola ya Ulaya hayakumfuta Sultani. Yaliunda tume ya watu watatu, Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa, kwenda kupima eneo lake halisi ni lipi, kana kwamba ni mirathi ya mtu aliyekwisha kufa. Mwisho wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Sultani ana visiwa pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na miji michache ya Benadir, katika pwani ya Somalia ya leo. Bara iliyobaki wakagawana wao. Barghash akatakiwa akubali, naye akakubali mwezi Desemba. Mwishoni mwa mwaka huo huo akajiunga pia na mkataba wa Berlin, ule ule uliojadiliwa bila yeye.

Kwa nini walihitaji akubali, ikiwa manowari zilikuwa zao? Kwa sababu saini yake ilikuwa na thamani kwao. Bila Sultani kutambuliwa kuwa mwenye pwani, Mjerumani asingekuwa na mtu wa kumkodisha pwani hiyo, wala hati ya kumwonyesha Mwingereza au Mfaransa kwamba ameipata kihalali. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani ya kusini kwa kampuni ya Kijerumani, na Abushiri bin Salim wa Pangani akaongoza vita dhidi ya ukodishaji huo mpaka aliponyongwa Desemba 1889. Mwaka 1890 Ujerumani iliinunua pwani hiyo moja kwa moja kwa marki milioni nne. Tarehe 1 Julai mwaka huo, katika mkataba mmoja, Ujerumani iliitambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, na Uingereza ikaipa Ujerumani kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1895 ukanda wa Mombasa nao ukakodishwa kwa Waingereza, na kodi yake ikaendelea kulipwa miaka mingi. Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokalia kiti bila idhini ya konseli wa Uingereza, kasri lilipigwa mizinga kwa dakika zisizofika hamsini. Watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa.

Yaweke matukio haya kwa mfuatano uone kanuni inayojitokeza. Sultani alikuwa na mamlaka ya kutosha kutoa na hakuwa na ya kutosha kukataa. Antony Anghie, mwanasheria mwenye asili ya Sri Lanka, ameonyesha kwamba hii haikuwa hitilafu ya hapa na pale. Sheria ya kimataifa ya karne ya kumi na tisa ilikua kwa kazi hii hasa, kazi ya kuamua nani ni mtu kamili mbele ya sheria na nani ni mtu kwa ajili ya kutia saini tu. Kwa maelezo haya, mamlaka kamili hayakuzaliwa Ulaya kwanza ndipo yakasafirishwa kuja kwetu. Yalipata umbo lake katika kukutana huku, na upande mmoja wa umbo hilo ni ule uliotukuta sisi.

Mwanazuoni wa mkondo wa uhalisia atajibu kwamba hakuna jipya hapa. Atasema: mwenye nguvu hufanya awezalo, na manowari za Agosti 1885 zinaeleza kila kitu. Kenneth Waltz, aliyeupa mkondo huo sura yake ya kisasa mwaka 1979, aliandika waziwazi kwamba nadharia ya siasa za kimataifa lazima ijengwe juu ya madola makuu, na kwamba kuijenga juu ya Malaysia na Kostarika kungekuwa kichekesho. Jibu hili lina uzito na halifai kupuuzwa, kwa sababu nguvu za kijeshi kweli ziliamua mengi. Lakini nguvu peke yake inaeleza mizinga ya 1896 bila kueleza tume ya 1886. Haielezi kodi ya Mombasa, wala kwa nini Heligoland ilibadilishwa kwa kitu ambacho Ujerumani haikuwahi kukimiliki. Waltz alidhani vitengo vya mfumo vinafanana, kila kimoja ni dola, vikitofautiana kwa nguvu tu. Zanzibar haikuwa dola dhaifu la aina ile ile. Mfumo uliiweka katika aina nyingine ya uanachama, na hiyo ni tofauti ambayo nadharia yake haina mahali pa kuiandika.

Mahali pengine pa kulitazama jambo hili ni kwenye takwimu, ambako watu wengi hudhani hakuna upande. Mwaka 1963 J. David Singer alianzisha, katika Chuo Kikuu cha Michigan, mradi wa kukusanya takwimu za vita zote tangu 1816. Mpaka leo tafiti nyingi za chanzo cha vita zinasimama juu yake. Ili kuhesabu vita kati ya madola, mradi ulilazimika kwanza kuamua dola ni lipi. Kwa kipindi cha kabla ya 1920, masharti yalikuwa idadi ya watu isiyopungua 500,000 na kupokea wawakilishi wa kidiplomasia wa Uingereza na Ufaransa, wenye cheo kisichopungua kaimu balozi. Konseli hakutosha. Kwa kipimo hicho Baden na Saksonia, nchi ndogo za Kijerumani, zimo katika orodha ya karne ya kumi na tisa. Zanzibar inaingia Desemba 1963 na kutoka Aprili 1964 ilipoungana na Tanganyika. Zile tarehe za 1833, 1839, 1844 na 1862 hazikuiingiza.

Matokeo yake si ya orodha tu. Vita ambavyo upande mmoja hauko kwenye orodha viliwekwa katika kundi la vita vya nje ya mfumo. Katika matoleo ya mwanzo, vifo 1,000 vilivyohitajika ili tukio la kundi hilo liitwe vita vilikuwa vifo vya jeshi la mwanachama peke yake, kanuni iliyorekebishwa baadaye. Upime Majimaji kwa mizani hiyo. Kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, upande wao ulipoteza Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Upande wa pili, serikali ya kikoloni yenyewe ilitaja watu 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefikisha 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala. Mtafiti anayesema kwamba Ulaya ilikuwa na amani ndefu kati ya 1871 na 1914 hasemi uongo kuhusu Ulaya. Tatizo linaanza anapoichukua amani hiyo kama tabia ya mfumo wa kimataifa, ilhali bunduki za mfumo huo zilikuwa Kilwa na Songea.

Ukitaka kujua kama kitabu kina upofu huu, fungua sura ya vita uone nani amehesabiwa kuwa mpiganaji na nani ameitwa mwasi. Kisha tafuta neno dola na uulize mwandishi analitumia kwa nani kabla ya 1960. Ni kazi ya nusu saa, na inafichua mengi.

Upofu huo huo unaonekana katika mjadala wa siku hizi kuhusu dola dhaifu za Afrika. Mwaka 1990 Robert Jackson alieleza kwamba nchi nyingi zilizopata uhuru ni dola nusu, zinazosimama kwa kutambuliwa na wengine tu, bila uwezo wao wenyewe. Siba Grovogui, mzaliwa wa Guinea, alimjibu kwa kulinganisha Kongo na Ubelgiji pamoja na Uswisi. Ubelgiji nayo ilizaliwa kwa madola makuu kukubaliana iwepo, na ikasimama kwa dhamana yao kwa mkataba wa 1839. Haikuitwa dola nusu. Swali lake ni kwa nini kutegemea wengine kunapotokea Ulaya huitwa mpango wa amani, na kunapotokea Afrika huitwa upungufu. Kwa Zanzibar naongeza kwamba uwezo wa ndani, forodha na maliwali wa pwani, ulikuwepo kwanza, na mikataba ndiyo iliyoubomoa.

Lakini hapa ninapaswa kuwa mwangalifu, na ninaamini wanazuoni wa mkondo huu wanapaswa vilevile. Nimeeleza kisa kizima kana kwamba Zanzibar ni Sultani. Usultani wenyewe ulikuwa utawala wa kigeni kwa wengi wa waliokuwa chini yake. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa waliotolewa bara, na utumwa visiwani haukufutwa kisheria mpaka 1897. Ule ukanda wa maili kumi ulichorwa bila kuwauliza Wadigo na Wagiriama, na kwa hilo Barghash na Waingereza hawakutofautiana. Anayerudisha heshima ya Sultani kwenye nadharia na kuishia hapo ameongeza mtawala mmoja kwenye historia ya watawala. Kigezo cha swali letu ni kuendelea kuuliza historia ya nani hata baada ya Ulaya kutolewa katikati, na hapo nyaraka zinatuishia haraka, kwa kuwa nyingi zilizobaki ziliandikwa na makonseli, mahakama na kampuni. Mchumaji karafuu anaonekana humo kama hesabu au kama kesi.

Pia si kweli kwamba sisi tulitoa mateso tu na wengine wakatoa fikra. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alieleza bungeni msimamo wa Tanganyika juu ya mikataba iliyorithiwa. Mikataba ya nchi mbili ambayo Uingereza ilifanya kwa niaba ya Tanganyika ingeheshimiwa kwa miaka miwili. Katika muda huo ingejadiliwa upya, na ile ambayo haikukubaliwa tena ingekoma, isipokuwa iliyolindwa na sheria ya kimataifa ya mila. Mmoja wa mikataba iliyokuwa mezani ni ule wa 1921, ambao Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Nyerere alishikilia kwamba mamlaka ya mlezi yana mwisho, kwa hiyo hawezi kutoa cha milele kutoka kwenye asichomiliki.

Ilinganishe kauli hiyo na mfuatano wa 1886 hadi 1895. Ni nadharia kamili ya mamlaka, iliyofikiriwa kutoka upande wa aliyetiliwa saini, na imeingia katika vitabu vya sheria ya kimataifa kwa jina la Nyerere. Lakini vitabu vya nadharia ya uhusiano wa kimataifa mara nyingi havina habari nayo. Wala haikuwa rahisi kuishi nayo. Julai 1964, mjini Cairo, Nyerere huyo huyo alipendekeza azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la kuiheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru, mipaka iliyochorwa kwa mikataba ya aina ile ile aliyoipinga. Aliona kwamba kuifungua kungeleta vita bila mwisho. Karatasi za kikoloni juu ya ardhi zikabaki, na zile za haki za wageni ndani ya nchi zikakataliwa. Mpaka sasa sijaona nadharia ya Ulaya inayoeleza uchaguzi huo vizuri kuliko waliouchagua.

Jaribio gumu kuliko yote lilikuwa la maji. Mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya Mto Naili ya 1929, yaliyoipa Misri kauli juu ya miradi ya maji ya Ziwa Viktoria iliyokuwa chini ya Waingereza. Misri ilijibu kwamba makubaliano yanaendelea. Mei 2010 huko Entebbe, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilitia saini mkataba mpya wa bonde zima, na Kenya na Burundi zikafuata. Mkataba huo ulianza kutumika Oktoba 2024, bila saini ya Misri wala ya Sudan, na mabishano ya nani alikuwa na mamlaka ya kutoa maji hayo mwaka 1929 bado yako mezani.